Nani Afanye Nini, Lini: Kuugeuza Muhtasari Mrefu wa Kikao Kuwa Jedwali la Maazimio

"Ilikubaliwa kwamba pampu ikarabatiwe haraka." Sentensi ya namna hii utaikuta katika mihutasari mingi ya kamati za maji, za shule, za misikiti na makanisa, za vyama vya ushirika na hata za harusi. Kisarufi haina kosa. Lakini ukiulizwa nani atampeleka fundi kisimani, kwa fedha kiasi gani na kabla ya tarehe ipi, huna cha kujibu. Kikao kinachofuata kikifika kwenye yatokanayo, mwenyekiti anauliza pampu imefikia wapi, na wajumbe wanatazamana, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyeachiwa kazi.

Dawa inayojulikana ni jedwali la maazimio: ukurasa mmoja unaotolewa kwenye muhtasari mrefu, ukionyesha kilichoamuliwa, anayehusika na tarehe ya mwisho. Makatibu wengi hulitengeneza kwa kuufupisha muhtasari, aya kwa aya, mpaka kurasa tisa zinakuwa mbili. Hapo ndipo wanapopotea. Muhtasari uliofupishwa hivyo hubaki na mazungumzo mengi na ahadi chache, ilhali jedwali linapaswa kubeba ahadi peke yake. Kazi ya anayeliandaa ni kuzitafuta ahadi hizo, kuzinukuu kwa uaminifu, na pale zilipo pungufu, kuonyesha upungufu badala ya kuujaza kwa kukisia.

Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi la Marekani aliyetoa kitabu cha kanuni za mikutano mwaka 1876, alisisitiza kwamba kumbukumbu za kikao ziandike yaliyofanywa na si yaliyosemwa. Kwetu mihutasari hubeba yote mawili, tena kwa sababu nzuri: mjumbe aliyepinga anataka ijulikane kwamba alipinga, na wananchi wanataka kuona hoja zao zilisikika. Basi muhtasari uachwe na urefu wake. Jedwali likae pembeni yake, likifanya kazi yake.

Kikao cha mfano

Tuchukue mfano wa kamati ya chombo cha watumia maji kijijini Tanzania. Vyombo vya aina hii vinaendesha miradi ya maji ngazi ya jamii chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, sheria ileile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kikao chetu cha mfano kilifanyika Jumamosi, tarehe 7 Machi 2026. Muhtasari wake una kurasa tisa na ajenda nane. Hapa nachukua sehemu tano tu, ambazo ndani yake mna karibu kila mtego utakaokutana nao.

Ajenda ya 3, yatokanayo: "Uzio wa tangi bado haujajengwa. Mjumbe aliyekabidhiwa kazi hiyo, ambayo ilitakiwa kukamilika tarehe 28 Februari, hakuhudhuria kwa udhuru. Wajumbe walisikitika na kusisitiza kazi ikamilike."

Ajenda ya 4, pampu ya kisima namba 2: "Fundi alieleza kuwa mota imeungua. Mjumbe mmoja alishauri inunuliwe pampu ya sola. Baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa mota ifanyiwe matengenezo, zitafutwe profoma tatu, na gharama isizidi shilingi 1,200,000. Mhazini aliomba apewe wiki mbili. Suala la sola lilionekana kuwa zuri na litaangaliwa. Ofisa wa RUWASA wilaya, aliyehudhuria kama mwalikwa, alisema atamtuma mtaalamu kukagua kisima. Katibu aandike barua ya kukumbusha kabla ya robo ya tatu kwisha."

Ajenda ya 5, wadaiwa: "Kaya 31 hazijalipa bili. Ilikubaliwa wadaiwa waandikiwe barua, na asiyelipa ndani ya siku 14 akatiwe maji."

Ajenda ya 6, bei ya maji: "Mhazini alionyesha kuwa makusanyo hayatoshi kulipia umeme. Wajumbe walipendekeza bei ya ndoo ya lita 20 ipande kutoka shilingi 40 hadi 50, na pendekezo lipelekwe mkutano mkuu wa watumia maji tarehe 25 Aprili."

Ajenda ya 8, mengineyo: "Mwenyekiti alikumbusha kuwa kwa katiba ya chombo, matumizi yanayozidi shilingi 1,000,000 yanahitaji idhini ya mkutano mkuu. Ilikubaliwa matengenezo ya mota yasizidi kiwango hicho."

Usishike kalamu kabla ya kufika mengineyo

Usomaji wa kwanza uwe wa macho tu, kutoka ufunguzi hadi sala ya kufunga. Sababu yake inaonekana kwenye mfano wetu. Anayejaza jedwali huku anasoma ataandika shilingi 1,200,000 kwenye safu ya pampu, kisha atafika ajenda ya 8 akiwa amechoka, na huenda asirudi nyuma kusahihisha. Mhazini atakayelifuata jedwali hilo atatumia fedha nje ya katiba akiwa na karatasi inayoonekana kumruhusu. Vikao vyetu vina desturi ya kurudia jambo zito kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshapoa, na mara nyingi uamuzi wa mwisho hukaa pale.

Katika usomaji huo wa kwanza angalia pia ukurasa wa mahudhurio, ambao wengi huuruka. Unakwambia mambo matatu utakayoyahitaji: kama akidi ilitimia, nani alikuwa mjumbe na nani mwalikwa, na nani hakuwapo. Akidi isipotimia, hakuna azimio la kuliweka kwenye jedwali hata kama muhtasari unasema "ilikubaliwa". Kilichopo ni mazungumzo ya waliohudhuria, na yanasubiri kikao halali.

Usomaji wa pili ndio wa kalamu. Pembeni ya kila sentensi inayobeba ahadi weka herufi: A kwa azimio, K kwa kazi, T kwa tarehe, na S kwa swali lisilo na jibu. Sentensi isiyobeba ahadi iache wazi. Katika muhtasari wa kawaida utaona sehemu kubwa ya ukurasa imebaki nyeupe. Hilo ni jambo la kawaida na lisikutie wasiwasi kwamba unaruka vitu.

Vitenzi vinavyofunga na visivyofunga

Azimio hujulikana kwa kitenzi chake. Kikao kikiazimia, kikipitisha, kikiridhia, kikiagiza au kikikubaliana, kimejifunga. Mjumbe akishauri, akitoa rai, akitahadharisha au akisisitiza, hakuna kilichofungwa bado, hata kama wote waliitikia kwa vichwa. Kati ya makundi haya mawili kuna maneno ya kuchunguza kwa makini.

La kwanza ni "kupokea". Kikao kikipokea taarifa ya fedha, kimeisikia tu. Kikiipitisha, kimeikubali. Ukiandika kwenye jedwali kwamba taarifa imepitishwa wakati muhtasari unasema imepokelewa, umewasainisha wajumbe kitu ambacho hawakukisaini.

La pili ni "kukubali kimsingi". Maana yake kikao kinaipenda hoja lakini kuna jambo kinalisubiri: bei, ramani, ushauri wa kitaalamu. Kwenye jedwali andika hivyohivyo, na utafute ndani ya muhtasari ni kitu gani kinasubiriwa na nani atakileta. Kama hakikutajwa, hilo ni S.

La tatu ni "kupendekeza", na hapa mfano wetu una somo kubwa. Ajenda ya 6 haikupandisha bei ya maji. Kamati ilipendekeza, na mwenye uamuzi ni mkutano mkuu. Azimio pekee lililopo ni kulipeleka pendekezo huko. Ukiandika "Bei ya ndoo: shilingi 50" na karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi, wauzaji kwenye vituo vya kuchotea maji wanaweza kuanza kutoza bei hiyo kesho yake, na kijiji kitaamka na mgogoro uliozaliwa na jedwali. Mpangilio huu wa ngazi upo katika vyombo vingi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa mfano, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kila unapoona uamuzi mzito, jiulize kama kikao hiki ndicho chenye mamlaka ya mwisho. Kama sicho, jedwali liseme wazi linasubiri idhini ya nani.

Yapo pia maneno yanayofukia hoja kwa heshima: "litaangaliwa", "lifanyiwe kazi", "wajumbe walilipokea kwa mikono miwili". Pampu ya sola imezikwa hapo. Usiigeuze kuwa azimio, lakini usiitupe pia. Iweke chini ya jedwali kwenye orodha fupi ya hoja zilizobaki, ili aliyeitoa ajue haikupotea na mwenyekiti aamue kama itakuwa ajenda siku nyingine.

Mhusika ni mtu, si "kamati"

Vitenzi vyetu vinaturuhusu kusema jambo lote bila kumtaja mtendaji: pampu ikarabatiwe, barua ziandikwe, profoma zitafutwe, wadaiwa wakatiwe maji. Katika mazungumzo hiyo ni adabu, kwani hakuna anayenyooshewa kidole. Katika jedwali ni hasara. Kila kitenzi cha aina hiyo ukigeuze kwanza kiwe swali: akarabati nani? Aandike nani? Akate nani? Jibu likiwemo ndani ya muhtasari, liandike. Lisipokuwemo, andika S.

Safu ya mhusika ibebe cheo kimoja na jina la mtu mmoja. Katika makala hii natumia vyeo tu, lakini kwenye jedwali lako andika vyote viwili, maana uongozi hubadilika na kazi hubaki. "Kamati", "uongozi", "wajumbe wote" na "wahusika" si majibu. Kama kazi kweli ni ya watu watatu, mtaje mmoja atakayetoa taarifa kikao kijacho, na wengine waitwe wasaidizi wake.

Mwalikwa ni suala la peke yake. Ofisa wa RUWASA alisema atamtuma mtaalamu, na kishawishi ni kumweka kwenye safu ya mhusika. Lakini kamati haina mamlaka ya kumpangia kazi wala kumwajibisha. Alichotoa ni ahadi ya hiari, nayo inashukuriwa. Kinachoweza kuingia kwenye jedwali ni hatua iliyo ndani ya uwezo wa kamati yenyewe, yaani barua ya Katibu. Kanuni hiyo inafaa kwa kila aliye nje ya chombo chako: mkandarasi, diwani, meneja wa benki. Mhusika ni mtu wa ndani anayemfuatilia.

Asiyehudhuria naye anataka uangalizi. Mjumbe wa uzio hakuwapo, na muhtasari hausemi kama bado anaendelea na kazi au amepewa mwingine. Jina lake libaki, kwa kuwa hakuna azimio lililomwondoa, lakini apelekewe taarifa yeye binafsi. Kumpangia mtu kazi akiwa hayupo, kisha kumlaumu kikao kijacho kwa jambo ambalo hakuambiwa, ni dhuluma, na jedwali zuri huizuia.

Tarehe ambazo si tarehe

"Haraka iwezekanavyo", "mapema", "hivi karibuni" na "baada ya sikukuu" hazina siku kwenye kalenda. Hizo ni S moja kwa moja. Lakini hata zile zinazoonekana kuwa kamili huwa na utata, na mfano wetu una tatu.

Kwanza, wiki mbili za Mhazini. Ukihesabu kutoka 7 Machi unapata 21 Machi 2026. Hesabu ni rahisi, ila muhtasari hausemi wiki mbili ni za kuleta profoma au za kumaliza matengenezo. Zaidi ya hapo, Mhazini "aliomba", na hakuna sentensi inayosema alikubaliwa. Tena 21 Machi ni Jumamosi, na mwaka huu Sikukuu ya Idi inaangukia siku hizohizo kutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo maduka mengi huenda yakafungwa. Wewe mwandaaji huna ruhusa ya kusogeza tarehe. Unachoweza ni kuiandika kama ilivyo na kumwonyesha mwenyekiti tatizo mapema.

Pili, siku 14 za wadaiwa. Hizi hazianzi siku ya kikao. Zinaanza siku ambayo mdaiwa amepata barua, na kila mmoja ataipata siku yake. Kwa hiyo tarehe ya kukata maji haiwezi kuwa moja kwa kaya zote 31. Aliyepokea barua Jumatatu 16 Machi, mwisho wake ni 30 Machi. Ili hesabu hiyo iwezekane, kila mdaiwa asaini na kuweka tarehe kwenye daftari la kupelekea barua. Bila saini hiyo, fundi atakayekwenda kukata maji atakutana na mtu anayesema hakuona barua yoyote, na kamati haitakuwa na cha kumwonyesha.

Tatu, "kabla ya robo ya tatu kwisha". Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza 1 Julai, hivyo robo ya tatu ni Januari hadi Machi na mwisho wake ni 31 Machi 2026. Anayehesabu kwa mwaka wa kawaida ataiweka Septemba, na barua itachelewa kwa miezi sita. Ndiyo maana jedwali lisiandike robo, wala "mwisho wa mwezi", wala "Alhamisi ijayo". Liandike siku, mwezi na mwaka.

Kazi ya zamani iliyochelewa nayo ina kanuni yake. Uzio ulitakiwa kukamilika 28 Februari, na kikao hakikutoa tarehe mpya. Acha tarehe ya zamani ilivyo na uandike pembeni "haijatekelezwa". Ukiifuta na kuweka mpya, kuchelewa kunafutika nako, na baada ya vikao vitatu hakuna atakayejua kwamba uzio huo ulikuwa wa mwaka jana.

Maswali kwa mwenyekiti, kisha jedwali

Sasa kusanya S zako zote. Katika mfano huu zimebaki nne. Wiki mbili za Mhazini ni za kazi gani, na alikubaliwa? Nani atasimamia matengenezo baada ya profoma, na yaishe lini? Barua za wadaiwa ziandikwe na nani, na zitoke lini? Uzio unaendelea na nani, na hadi lini?

Mpelekee mwenyekiti maswali hayo ndani ya siku mbili au tatu, kabla watu hawajasahau. Akijibu, majibu yake yaingie kwenye jedwali yakiwa na alama, ili msomaji ajue hayo ni maelekezo ya Mwenyekiti baada ya kikao, wala si maazimio ya kikao. Tofauti hii ni ya lazima. Mwenyekiti anaweza kumpangia katibu wake barua, lakini hawezi kutunga uamuzi ambao wajumbe hawakuufanya. Akikwambia, kwa mfano, uongeze kwamba pampu ya sola imepitishwa, jibu la heshima ni kumkumbusha kwamba hilo litahitaji kikao.

Tuseme amejibu hivi: wiki mbili ni za profoma, na wajumbe walikubali kwa sauti. Fundi asimamie matengenezo, yaishe 10 Aprili. Katibu aandike barua za wadaiwa kufikia 13 Machi. Suala la uzio atazungumza na mjumbe mwenyewe kwanza. Jedwali linakuwa hivi:

| Na. | Azimio au kazi | Mhusika | Tarehe ya mwisho | Chanzo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Kuleta profoma tatu za matengenezo ya mota, kisima namba 2. Gharama isizidi sh. 1,000,000 | Mhazini | 21 Machi 2026 | Ajenda 4. Kiwango: Ajenda 8. Tarehe: Mwenyekiti* |
| 2 | Kusimamia matengenezo ya mota hadi yakamilike | Fundi* | 10 Aprili 2026* | Ajenda 4 |
| 3 | Kuwaandikia barua wadaiwa 31 na kupata saini zao za kupokea | Katibu* | 13 Machi 2026* (barua kutoka) | Ajenda 5 |
| 4 | Kumkatia maji asiyelipa | Bado hajatajwa | Baada ya siku 14 tangu mdaiwa apokee barua | Ajenda 5 |
| 5 | Kuwasilisha mkutano mkuu pendekezo la bei ya ndoo, sh. 40 hadi 50 (bei ya sasa haijabadilika) | Bado hajatajwa | 25 Aprili 2026 | Ajenda 6 |
| 6 | Kuandika barua RUWASA wilaya kukumbusha ukaguzi wa kisima | Katibu | Kabla ya 31 Machi 2026 kupita | Ajenda 4 |
| 7 | Kujenga uzio wa tangi (haijatekelezwa) | Mjumbe aliyekabidhiwa awali | 28 Februari 2026. Tarehe mpya bado | Ajenda 3 |

*Maelekezo ya Mwenyekiti baada ya kikao. Hoja iliyobaki bila uamuzi: pampu ya sola (Ajenda 4).*

Tazama safu ya 4 na ya 5. Nilipokusanya maswali, hizo hazikuwamo. Zimejitokeza jedwali lilipochorwa, kwa sababu nafasi tupu katika jedwali haijifichi kama inavyojificha ndani ya aya. Mtu angedhani kazi ya kukata maji ni ya Fundi bila mjadala, na huenda ni kweli. Lakini kumkatia jirani maji ni jambo linaloweza kumletea mtu uadui kijijini, na anayetumwa anastahili kuwa na agizo lenye jina lake. Nafasi ibaki wazi mpaka ijazwe na mwenye mamlaka.

Safu ya chanzo nayo isiachwe kwa kubana nafasi. Ndiyo inayomwezesha mjumbe yeyote anayetilia shaka jedwali kufungua muhtasari na kujisomea. Mwandaaji ambaye haonyeshi ajenda anawataka wenzake wamwamini tu.

Kulihakiki kabla ya kulituma

Uhakiki unafanyika kwa kwenda na kurudi. Ukienda, chukua kila safu ya jedwali na uweke kidole kwenye sentensi ya muhtasari iliyoizaa. Safu isiyo na sentensi, wala alama ya maelekezo ya Mwenyekiti, umeitunga mwenyewe, hata kama ina mantiki. Ukirudi, pitia kila ajenda na uulize iliishia wapi: iliamuliwa, ilipangiwa mtu, iliahirishwa, au ilipokelewa tu. Ajenda isiyo na jibu kati ya hayo imekudondoka.

Kisha pitia masharti. Maneno "isizidi", "iwapo", "baada ya", "kwa sharti kwamba" na "isipokuwa" ndiyo ya kwanza kukatwa na mtu anayetaka ufupi, na ndiyo yenye gharama kubwa yakikosekana. "Kuleta profoma tatu za matengenezo" bila kikomo cha fedha ni azimio jingine kabisa. Kama huna nafasi, punguza maneno mengine yote ya safu, lakini sharti libaki.

Mwisho, fikiria nani atalisoma. Jedwali la wajumbe linaweza kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye simu safu huvurugika, kwa hiyo yaandike maazimio kama mistari yenye namba, kila mmoja ukiwa na mhusika na tarehe yake. Nakala ya ubao wa matangazo iwe tofauti. Idadi ya wadaiwa inaweza kubandikwa, majina yao yasibandikwe. Masuala ya nidhamu ya mtumishi au ugonjwa wa mtu yabaki kwenye faili. Na juu ya kila nakala iandikwe tarehe ya kikao, pamoja na neno "rasimu" mpaka muhtasari wenyewe uthibitishwe. Ukitokea ubishi, kinachoshika ni muhtasari uliosainiwa. Jedwali halina nguvu hiyo na halipaswi kudaiwa kuwa nayo.

Kazi ianzie kikaoni

Ukiyapitia tena maswali tuliyompelekea mwenyekiti, pamoja na nafasi mbili zilizobaki wazi, utaona hakuna hata moja lililotokana na urefu wa muhtasari. Yote yalitokana na kikao chenyewe kutotaja mtu au siku. Hakuna ustadi wa kufupisha utakaotoa kwenye karatasi jambo ambalo halikusemwa ukumbini.

Kwa hiyo, ewe Katibu, usisubiri kufika nyumbani. Kabla mwenyekiti hajafunga kikao, omba dakika tano usimame na kusoma kwa sauti kila azimio, anayehusika na tarehe yake. Ukikuta pengo, uliza palepale, mbele ya wote. Anayetajwa aitikie mwenyewe kwamba amekubali. Nawe mwenyekiti, usiruhusu sala ya kufunga kabla ya dakika hizo tano. Na wewe mjumbe wa kawaida, ukisikia neno "ifanyike", nyoosha mkono uulize: ifanywe na nani, na lini?